Meja au maina? Tofauti inavyoamuliwa kwenye maswali ya odit ya ndani ya ISO 22000

Nimekaa na wenzangu kadhaa kazini wakijiandaa na mtihani wa ukaguzi wa mfumo wa usalama wa chakula, na karibu wote wanakwama sehemu ileile. Kosa wanaliona vizuri tu, kazi inakuja kwenye kulipangia daraja: huu upungufu ni meja, yaani mkubwa, au ni maina, mdogo, au labda siyo upungufu kabisa ni angalizo tu. Na mtunga mtihani anajua hapo ndipo watu wanapoteleza, kwa hiyo anachukua tukio moja, anabadilisha neno moja au namba moja, na jibu linageuka lote. Ndiyo maana naona njia nzuri ya kujifunza siyo kukariri maana za maneno, ni kuweka matukio yanayofanana ubavu kwa ubavu halafu ujiulize kilichobadilika ni nini.

Kabla ya matukio kuna jambo moja liwe wazi. ISO 22000:2018 yenyewe haina meja wala maina. Kwenye kiwango hicho upungufu ni upungufu, maana yake takwa halikutimizwa, basi. Madaraja yanatoka kwingine. Kwa wakaguzi wa vyombo vya kutoa vyeti yanatoka ISO/IEC 17021-1, ambayo inasema upungufu mkubwa ni ule unaogusa uwezo wa mfumo kufikia matokeo yaliyokusudiwa, na mdogo ni ule usiogusa uwezo huo. Kwa odit ya ndani, ISO 19011:2018 inasema mapungufu yanaweza kupangwa madaraja kulingana na mazingira ya kampuni na hatari zake, iwe kwa namba kama 1 hadi 5 au kwa maneno kama mdogo na mkubwa. Kwa hiyo kwenye odit ya ndani anayeamua maana ya daraja ni utaratibu wa kampuni yenyewe, na swali la mtihani likikupa maana hizo juu ya ukurasa, tumia hizohizo hata kama kazini kwenu mnapanga tofauti. Nimeona mtu anajua kazi vizuri sana anapoteza alama kwa sababu alijibu kwa utaratibu wa kiwandani kwake badala ya ule uliowekwa mbele yake.

FSSC 22000, mfumo wa vyeti uliojengwa juu ya ISO 22000, inaongeza daraja la tatu, kritikali, na hilo nitaligusa mbele maana linawachanganya watu na meja.

Sasa tuchukue kiwanda cha maziwa. Mashine ya kupasha maziwa ya mtiririko, CCP, yaani hatua muhimu ya kudhibiti hatari yenye kikomo kisichovukwa, ni kupasha joto, kikomo ni nyuzi 72 kwa sekunde 15, na mashine inapitisha lita 2,000 kwa saa. Mpango wa HACCP, yaani mpango wa kudhibiti hatari za chakula, unasema opereta asome kipimajoto cha mwisho wa bomba la kushikilia joto kila baada ya dakika 30 na aandike kwenye fomu, na juu ya hapo kuna chati inayochora joto muda wote. Kuna pia valvu ya kurudisha maziwa, joto likishuka chini ya kikomo inageuza mtiririko na maziwa yanarudi kwenye tanki la mwanzo badala ya kwenda kupakiwa. Mkaguzi wa ndani anashika fomu ya shifti ya saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hapo pana mistari 17 ya kujaza. Anaanza kusoma.

Tukio la kwanza. Mstari wa saa 4:30 asubuhi uko wazi, hakuna namba, hakuna sahihi. Mistari mingine 16 imejazwa na yote iko kati ya nyuzi 72.8 na 73.6. Mkaguzi anafungua chati ya siku ile, anaona saa 4:30 mstari wa joto ulikuwa 73.1 na haukuwahi kushuka shifti nzima. Anavuta fomu za wiki tatu nyuma, hakuna pengo lingine.

Tukio la pili. Mstari wa saa 4:30 umejazwa, imeandikwa 70.6, kuna sahihi ya opereta, na baada ya hapo saa 5:00 imeandikwa 73.0. Safu ya hatua zilizochukuliwa ni tupu. Chati inaonyesha kweli joto lilishuka na hakuna alama kwamba valvu iligeuka. Rekodi za stoo zinaonyesha maziwa ya shifti ile yalitoka yote siku iliyofuata.

Tukio la tatu. Saa 4:30 imeandikwa 70.6, lakini pembeni opereta kaandika presha ya mvuke ilishuka, valvu iligeuka, maziwa yalirudi tanki la mwanzo na kupashwa upya, fundi aliitwa akakuta kichujio cha bomba la mvuke kimeziba, kikasafishwa, na msimamizi kasaini. Chati inakubaliana na maelezo yote.

Ukimwonyesha mtu anayeanza haya matatu, mara nyingi la kwanza atasema meja "kwa sababu ni CCP", la pili meja, na la tatu atasema maina "kwa sababu joto lilishuka". Kapata moja kati ya matatu.

La tatu siyo upungufu. Joto kushuka chini ya kikomo ni jambo ambalo mpango umelitegemea, ndiyo maana kuna valvu na kuna safu ya hatua kwenye fomu. Kifungu 8.9 chote kiliandikwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Kikomo kimevunjwa, bidhaa ikazuiwa, ikarekebishwa, chanzo kikatafutwa, rekodi ikabaki, sasa takwa gani halikutimizwa? Hakuna. Kuna wakaguzi wanaona namba nyekundu tu wanakimbilia kuandika, na mtihani unapenda sana kuweka mtego huo. Lakini angalia pia upande wa pili wa shilingi: kama opereta angeandika tu valvu iligeuka, maziwa yakarudi, halafu hakuna popote panapoonyesha chanzo kilitafutwa, hapo ndipo panapata upungufu, maana 8.9.3 inataka kikomo kikivunjwa haja ya hatua za kurekebisha chanzo itathminiwe. Daraja lake kwa mara moja litakuwa dogo, kwa sababu bidhaa ilidhibitiwa. Kilichokosekana ni kuzuia isirudie.

La kwanza ni dogo. Mpango ulitaka usomaji 17, umefanyika 16. Kifungu ni 8.5.4.5, kile kinachotaka mpango wa kudhibiti hatari utekelezwe na ushahidi wa utekelezaji utunzwe. CCP ipo kwenye tukio, ndiyo, lakini neno CCP peke yake halipandishi daraja, naomba hili mlishike maana ndilo linalowaangusha wengi. Linalopandisha daraja ni shaka ya kweli kama udhibiti ulikuwepo. Hapa shaka hiyo imeondolewa na chati, ambayo ni ushahidi mwingine unaojitegemea. Sasa jaribu kuondoa chati kwenye hadithi. Kiwanda hakina chati, kuna fomu ya mkono tu, na usomaji mmoja haupo. Kati ya saa 4:00 na saa 5:00 hakuna anayejua joto lilikuwa ngapi, hiyo ni saa nzima, lita 2,000. Bado mtu anaweza kutetea udogo kama ni mara moja na valvu inafanya kazi na imepimwa asubuhi ile, lakini utetezi unakuwa mwembamba. Na pengo likiwa siyo moja, likiwa kila shifti ya usiku pana mistari mitatu minne mitupu, hapo tena huzungumzii kusahau, unazungumzia ufuatiliaji ambao haufanyiki usiku, na hiyo ni meja bila kusita.

La pili ni meja, na wengi wanapata daraja ila wanakosea sababu. Wanaandika "joto lilikuwa chini ya 72". Hapana, hiyo ni kama tukio la tatu. Umeja wake umetokana na mambo mawili yaliyokuja baada ya joto kushuka. Kwanza, mtu aliona 70.6, akaandika kwa mkono wake, akasaini, akaendelea kupakia, maana yake hajui au hajaelekezwa kwamba namba ile inamtaka afanye kitu. Pili, valvu ilitakiwa kugeuka na haikugeuka, kwa hiyo hata kinga ya mashine haikufanya kazi. Bidhaa ambayo 8.9.2 inataka itambuliwe na ishikwe kama bidhaa inayoweza kuwa si salama, haikutambuliwa na ikatoka. Hapo mfumo umeshindwa kutoa matokeo yake, na hiyo ndiyo maana ya meja.

Je, ni kritikali? Kwa maana ya FSSC 22000, kritikali inakuja pale mkaguzi anapoona madhara ya moja kwa moja kwenye usalama wa chakula na kampuni haichukui hatua inayofaa, au pale uhalali wa kisheria au uaminifu wa cheti uko hatarini. Kwa hiyo kinachotenganisha ni kile kampuni inachofanya mambo yakishajulikana. Mkaguzi anaonyesha fomu, meneja wa ubora anashtuka, anaita timu, anafuatilia bachi ilienda wapi, anaanza kuirudisha kutoka sokoni: hiyo ni meja nzito inayoshughulikiwa. Mkaguzi anaonyesha fomu na meneja anasema "hayo maziwa yameshanywewa, tuendelee", na siku hiyohiyo mashine inaendelea kupakia na valvu mbovu: hapo ndipo kritikali ilipo. Swali likitaja FSSC, soma mistari ya mwisho ya tukio kwa makini, kwa sababu mara nyingi majibu ya uongozi yamefichwa pale. Swali lisipotaja kritikali kama chaguo, usilete daraja ambalo hujaulizwa.

Kuna toleo la nne ambalo silisahau, maana nililiona kwa macho yangu kwenye kiwanda kimoja, na baadaye nikakutana na linalofanana nalo kwenye swali. Fomu ilikuwa safi mno. Mistari yote 17, nyuzi 73.0, 73.0, 73.0 mpaka chini, wino uleule wa bluu, herufi zimelala upande mmoja, hata ile saba mkia wake unafanana juu mpaka chini, kama mtu alikaa mara moja akajaza karatasi nzima. Nikaenda kwenye chati, chati ya kweli haikai sehemu moja, inapanda inashuka kidogo kidogo, siku ile ilikuwa inacheza kati ya 72.3 na 74.1. Haikuwahi kushuka chini ya kikomo. Sasa hii unaiwekaje? Maziwa yalikuwa salama, chati inathibitisha. Ukilinganisha na tukio la kwanza utasema huku angalau mistari imejaa. Lakini pengo la tukio la kwanza ni la kweli, linakuambia wazi kwamba usomaji haukufanyika, wakati fomu hii inakuambia usomaji ulifanyika ilhali haukufanyika. Ikiwa hii si ya kweli, za jana nazo? Za mwezi uliopita? Ushahidi wote wa ufuatiliaji unaingia shaka, na shaka kubwa kuhusu udhibiti ni mojawapo ya alama za meja. Kwa hiyo meja. Ila tahadhari, mkaguzi haandiki "opereta amedanganya". Anaandika alichokiona: fomu inaonyesha 73.0 kwa mistari yote 17, chati ya siku hiyohiyo inaonyesha kati ya 72.3 na 74.1, thamani kwenye fomu hazilingani na chati. Nia ya mtu haionekani kwenye karatasi, na kwenye mtihani ukiandika tuhuma badala ya ushahidi unakatwa.

Tuhamie kwenye kipimajoto, maana hapa hesabu ndogo tu inageuza daraja na watu hawaifanyi.

Swali linasema: kipimajoto cha mezani kinachotumika kuhakiki kile cha kwenye mashine kimepitisha tarehe ya kalibresheni kwa wiki tatu. Hapo simama. Mpaka hapo ni upungufu wa 8.7 na ni mdogo, mradi kilipopelekwa kupimwa kikakutwa sawa. Sasa mtunzi anaongeza sentensi: kilipopimwa kikaonekana kinasoma juu kwa nyuzi 1.5, na kile cha mashine kilikuwa kimerekebishwa kukifuata. Chukua fomu ile ya kwanza, usomaji kati ya 72.8 na 73.6. Toa 1.5. Joto la kweli lilikuwa kati ya 71.3 na 72.1. Yaani karibu shifti nzima ilikuwa chini ya 72 na hakuna aliyejua, na chati nayo imechora namba zilezile za uongo kwa sababu inachota kwenye kipimo kilekile, na valvu nayo ikaamini. Mapungufu yaliyoonekana ya karatasi sasa yamegeuka kuwa bidhaa za siku nyingi zilizopo mashakani.

Linganisha na kiwanda cha pili chenye kosa lilelile la 1.5 ila wao wanaendesha mashine kwenye nyuzi 75 hadi 76. Ukitoa, unapata 73.5 hadi 74.5. Kikomo hakikuvunjwa. Kipimo kilekile, kosa lilelile, daraja tofauti, na tofauti ni ile nafasi waliyojiachia juu ya kikomo. Lakini usiishie hapo, 8.7 inataka kipimo kikikutwa kibovu kampuni itathmini uhalali wa vipimo vilivyotangulia. Kiwanda cha pili kama kimekaa chini kikafanya hesabu hiyo na kuiandika, kilichobaki ni kuchelewa tu, mdogo. Kama hakikufanya na mkaguzi ndiye aliyewafanyia hesabu pale mezani, kuna upungufu wa pili wa kutofanya tathmini, na mimi ningeuweka mdogo kwa sababu matokeo yameonekana salama, ila ningeelewa mkaguzi mwingine akiupandisha kama ni mara ya pili. Kiwanda cha kwanza ni meja kwa vyovyote kama bidhaa zile hazijashughulikiwa.

Hapa unaingia mtego mwingine mzuri, na huu unatenganisha CCP na OPRP, ambayo nayo ni hatua ya kudhibiti hatari ila inapimwa kwa kigezo cha hatua badala ya kikomo. Kiwanda cha kwanza kinasema: sawa, joto lilikuwa chini, lakini maabara yetu ilipima fosfatasi kila bachi na majibu yote yalikuwa hasi, kwa hiyo maziwa yalipashwa vizuri, tumeyaachia. Inavutia. Fosfatasi ni kimeng'enya cha maziwa ambacho kinastahimili joto zaidi kidogo kuliko vijidudu vya magonjwa visivyotengeneza mbegu, kwa hiyo kikifa inachukuliwa hao wamekufa pia, na ni kipimo halali kabisa cha uhakiki. Lakini 8.9.4.2 inasema bidhaa iliyoguswa na kuvunjwa kwa kikomo cha CCP haiachiwi. Inakwenda 8.9.4.3: ipashwe au isindikwe upya, ipelekwe matumizi mengine yasiyoathiri usalama, au iteketezwe. Nafasi ya kusema "tuna ushahidi mwingine kwamba udhibiti ulifanya kazi" imetolewa kwa OPRP tu, pale kigezo cha hatua kisipotimizwa. Kwa hiyo hadithi ileile, kama kampuni imeweka hatua hiyo kuwa OPRP na kigezo chake hakikutimizwa, ushahidi wa ziada unaweza kuiruhusu bidhaa itoke na mkaguzi hana upungufu wa kuandika. Ikiwa ni CCP, kuachia bidhaa kwa majibu ya maabara ni upungufu hata kama maabara iko sahihi. Ukiona kwenye swali maneno "majibu ya maabara yalikuwa mazuri", rudi juu ukatafute kama hatua imetajwa kuwa CCP au OPRP, neno hilo moja ndilo lina alama.

Kuhusu mrundikano. Maelezo ya 17021-1 yanaruhusu mapungufu madogo kadhaa yanayogusa takwa moja au jambo moja yahesabiwe kuwa meja, kwa sababu yanaonyesha mfumo umeshindwa. Watu wanaisoma kama hesabu ya kuku, "matatu madogo ni moja kubwa". Haiko hivyo. Nyaraka moja isiyo na tarehe stoo, sabuni imeisha kwenye sinki moja, na fomu moja ya mafunzo haina sahihi, hayo ni mapungufu matatu madogo yasiyohusiana na yanabaki matatu madogo. Lakini ukikuta opereta wa mashine ya kupasha hajafunzwa CCP, wa kupakia hajafunzwa, wa zamu ya usiku hajafunzwa, na mpango wa mafunzo wenyewe haujagusa CCP kabisa, hapo usiandike matatu, andika moja la meja chini ya 7.2, kwa sababu ni ugonjwa mmoja umejitokeza sehemu tatu. Jiulize tu kama ukirekebisha chanzo kimoja yote yataisha.

Marudio nayo yana uzito wake. Upungufu mdogo wa odit iliyopita, ukafungwa kwa maneno "opereta ameonywa", halafu ukaukuta tena kwenye mstari uleule wa fomu ileile: kosa lenyewe bado ni dogo lakini sasa kuna la pili nyuma yake, hatua ya kurekebisha chini ya 10.1 haikufanya kazi. Taratibu nyingi za ndani zinapandisha marudio kuwa meja moja kwa moja. Angalia maana zilizotolewa kwenye swali.

Angalizo nalo linatumiwa vibaya. Nimeona mtu anaogopa kugombana na mkuu wa idara anaandika angalizo mahali ambapo takwa limevunjwa wazi, na kwenye mtihani tabia hiyo inajitokeza bila mtu kujua. Kipimo ni rahisi: unaweza kunyoosha kidole kwenye takwa, iwe la kiwango, la sheria au la utaratibu wa kampuni, na ukasema hili halikutimizwa? Ukiweza, siyo angalizo. Kiwanda kinachopima valvu kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la kawaida ambalo kurasa zake zimeanza kulegea, rekodi zote zipo zinasomeka, hilo ni angalizo: kurasa zikipotea mtapata shida. Kurasa zikishapotea, ni upungufu.

Na kuna maswali ambayo jibu lake siyo daraja lolote. Kwa mfano: "Mkaguzi alimkuta opereta akisema kuna siku huwa wanaruka usomaji wakiwa na kazi nyingi." Basi, swali limeishia hapo. Ni kauli ya mtu mmoja, hakuna fomu, hakuna tarehe, hakuna chati. Kwenye baadhi ya mitihani unaruhusiwa, na kwa kweli unatakiwa, kusema ushahidi hautoshi na kutaja utakachotafuta. Usiandike "nitachunguza zaidi", hiyo haina alama. Andika kwamba utachukua fomu za CCP za siku zenye uzalishaji mkubwa kwenye miezi miwili iliyopita ukilinganisha na ratiba ya uzalishaji, utaziweka pamoja na chati za siku hizo, utaongea na opereta wa zamu nyingine, na utaona msimamizi alihakiki lini fomu hizo na akaona nini. Kauli ya opereta ndiyo imekufungulia njia.

Mwisho kabisa ni namna ya kuuandika, maana daraja sahihi kwenye maandishi mabovu linakupa nusu ya alama. Kwa tukio la pili mimi ningeandika hivi: "Mpango wa HACCP na kifungu 8.9.2 vinataka bidhaa itambuliwe na kudhibitiwa joto la CCP likiwa chini ya nyuzi 72. Fomu ya CCP ya shifti ya asubuhi inaonyesha nyuzi 70.6 saa 4:30, na chati inathibitisha. Hakuna hatua iliyoandikwa, valvu ya kurudisha maziwa haikugeuka, na rekodi ya stoo inaonyesha bachi ilitolewa siku iliyofuata. Daraja: mkubwa, kwa sababu bidhaa inayoweza kuwa si salama ilitoka bila kutambuliwa na udhibiti wote wawili, wa mtu na wa mashine, haukufanya kazi." Takwa, ushahidi, daraja na sababu yake. Sijaandika opereta afunzwe, sijaandika valvu ibadilishwe, sijaandika chanzo ni uzembe. Chanzo anakitafuta anayekaguliwa, na hiyo valvu inawezekana ni nzima ila kuna mtu aliishusha seti yake mpaka 70 wiki iliyopita ili mashine isimsumbue.